Jinsi ya kuchora mchoro wa Sankey wa bajeti ya nyumbani, hatua kwa hatua

Kila ninapomwonyesha mtu mchoro wa bajeti uliochorwa kwa mtindo wa Sankey, maswali yanayofuata ni yaleyale. Umetumia programu gani? Mbona wangu una pengo katikati? Mbona matumizi yamezidi mshahara wakati sina deni? Mkopo unakaa kulia au kushoto? Nimeamua kuyajibu yote hapa kwa mfano mmoja, kuanzia risiti hadi picha iliyokamilika.

Nadharia ni ndogo. Mchoro wa Sankey una vituo na mikondo. Kituo ni mahali pesa inapofikia au inapotokea, kama "Mshahara" au "Chakula". Mkondo ni utepe unaounganisha kituo na kituo, na unene wa utepe ni kiasi cha pesa: elfu sitini inakuwa nene mara mbili ya elfu thelathini. Jina limetokana na Kapteni Sankey, mhandisi kutoka Ireland, aliyeutumia mwaka 1898 kuonyesha nishati ya injini ya mvuke inakoishia. Aliyewahi kuona mfongo, yaani mfereji wa maji, ukigawanywa mashambani huko Kibosho au Machame anaujua tayari: maji yanayoingia kwenye mgawanyo ndiyo yanayotoka, hayaongezeki wala hayapotei bila sababu. Kanuni hiyo moja ndiyo itakayokusumbua, na ndiyo itakayokuonyesha makosa yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya mshahara ya mwezi mmoja, ile inayoonyesha makato yote, siyo ujumbe wa benki tu.
- Taarifa ya miamala ya simu ya mwezi huohuo, kwa kila mtu mzima wa nyumba na kwa kila laini yenye pesa.
- Daftari la matumizi ya taslimu. Kama hamna, anzeni kuandika leo na mchoro uchorwe mwezi ujao. Sokoni hawatoi risiti, na kumbukumbu ya wiki tatu nyuma haifai.
- Karatasi, kalamu na kikokotoo.
- Kompyuta au simu yenye intaneti. Tutatumia tovuti ya `sankeymatic.com`, ambayo ni ya bure na haihitaji kusakinisha kitu. Simu inatosha, ingawa kioo kikubwa kinarahisisha kupanga.

Usihangaike kutafuta mchoro huu kwenye orodha ya chati za Excel, haumo. Unaweza kuulazimisha kwa viongezeo, lakini kwa bajeti ya nyumbani ni kazi bure.

## Kaya ya mfano

Tuchukue kaya ya kubuni ya Pasua, Moshi, yenye baba, mama na watoto watatu. Mama ni mtumishi wa halmashauri. Baba anauza mitumba soko la Memorial. Nyumba ni yao na wamepangisha chumba kimoja cha uani. Nimechagua kaya yenye vyanzo vitatu kwa makusudi, kwa sababu mwenye mshahara mmoja tu hapati shida kubwa. Shida huanza pale pesa za biashara, za kodi na za mshahara zinapokutana kwenye simu moja.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi na weka mpaka

Chagua mwezi mmoja wa kawaida. Kwa watu wa Kilimanjaro, Desemba siyo mwezi wa kawaida: kuna safari ya kwenda nyumbani, kuna mbuzi, kuna wageni. Januari nayo ina ada na sare. Machi au Septemba itakupa picha inayofanana zaidi na maisha ya kila siku.

Kisha weka mpaka. Mchoro huu ni wa nani? Kwa mfano wetu ni wa nyumba, siyo wa biashara. Pesa inahesabiwa kuwa imeingia pale inapovuka kuja nyumbani, na imetoka pale inapoondoka nyumbani moja kwa moja. Andika mpaka huo juu ya karatasi, kwa sababu utaurudia kila ukikutana na muamala wenye utata.

## Hatua ya 2: Andika mapato

Kwenye mshahara una njia mbili. Unaweza kuanza na pesa inayoingia benki, au kuanza na mshahara kamili kisha uonyeshe makato. Mimi napendekeza ya pili. Watu wengi wanaujua mshahara wa mkononi tu, na wanashangaa wakiona utepe wa makato umezidi hata ule wa kundi zima la matumizi ya nyumba.

Karatasi ya mama inasema mshahara kamili ni 800,000. Kodi ya PAYE ni 68,000, mchango wa PSSSF ni 40,000 na NHIF ni 24,000. Jumla ya makato ni 132,000, kwa hiyo kinachofika benki ni 668,000.

Onyo: usichanganye njia hizo mbili. Ukiandika mshahara wa mkononi 668,000 halafu ukaweka PAYE na PSSSF kwenye matumizi, umeikata pesa ileile mara mbili.

Biashara ya baba ndiyo inayowapoteza wengi. Mwezi huo ameuza nguo za 690,000. Hiyo siyo pesa ya nyumbani. Belo limegharimu 380,000, meza na ushuru 40,000, na kusafirisha mzigo 30,000. Iliyobaki na kuja nyumbani ni 240,000, na ndiyo peke yake inayoingia kwenye mchoro. Angeacha sehemu ya faida dukani ili aongeze mtaji, sehemu hiyo nayo isingeingia, maana haijavuka mpaka.

Kodi ya chumba ni 60,000. Sasa jumlisha kinachofika nyumbani: 668,000 na 240,000 na 60,000 ni 968,000. Shika namba hiyo.

## Hatua ya 3: Andika matumizi, na uondoe pesa iliyohama tu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo michoro mingi inapoharibika.

Chukua mfano huu wa wiki moja. Mama ametoa 250,000 benki kwenda kwenye M-Pesa yake. Kati ya hizo, amemtumia baba 150,000. Baba ametoa 100,000 kwa wakala, kisha Jumamosi akaenda soko la Mbuyuni akanunua vitu vya 96,000. Kila tukio limeacha alama: ujumbe wa benki, ujumbe wa M-Pesa wa mama, ujumbe wa M-Pesa wa baba, na mstari wa daftari. Ukizijumlisha zote utapata 596,000. Lakini nyumba imetumia 96,000 tu. Zilizobaki zipo, ila zimegawanyika kwenye simu mbili na mfuko mmoja.

Kwa hiyo pitia kila muamala na ujiulize swali moja: baada ya muamala huu, pesa bado ni yetu? Kama ndiyo, ni uhamisho, ufute, isipokuwa pesa mliyoiweka pembeni kama akiba au ada. Benki kwenda simu ni uhamisho. Mume kwenda mke ni uhamisho. Kutoa kwa wakala ni uhamisho. Kinachobaki kwenye mistari hiyo ni makato ya muamala peke yake, maana hayo yameondoka kweli. Yaandike pembeni kila unapokutana nayo, kwa kaya yetu yamefika 12,000.

Mambo mengine manne yanayoleta utata:

*LUKU.* Andika kiasi ulicholipa, siyo thamani ya uniti ulizopata. Kodi ya jengo inakatwa humohumo, kwa hiyo usiitengenezee mstari wake wa pili.

*Ada.* Kaya yetu inalipa 300,000 mara nne kwa mwaka, yaani 1,200,000, sawa na 100,000 kwa mwezi. Katika mwezi tuliouchagua hawakulipa shule kitu, ila waliweka 100,000 pembeni kwa ajili hiyo. Basi mkondo wa ada uonyeshe 100,000 iliyowekwa pembeni. Lakini kama hamkuweka, usiandike 100,000 ya kufikirika kwa sababu tu hesabu ya mwaka inasema hivyo. Ama mchoro wote uwe wa mwezi halisi, ama wote uwe wa wastani wa mwaka. Ukichanganya hautakaa sawa.

*Kikoba na mchezo.* Unachochangia kinakwenda kulia, chini ya akiba. Mwezi unaopokea zamu yako, fedha yote uliyopokea inakaa kushoto kama chanzo. Usipunguze kimoja kwa kingine, maana mchoro utaficha kwamba mwezi ule mliishi kwa pesa ya mchezo.

*Deni la dukani.* Ulichokopa kwa Mangi mwezi huu na hujalipa ni chanzo, kinakaa kushoto, na bidhaa ulizochukua zinakaa kulia mahali pake. Mwezi utakaolipa, malipo yatakaa kulia. Watu wanashtuka kuona deni upande wa mapato, lakini ndivyo ilivyo: ndilo lililolisha nyumba.

## Hatua ya 4: Panga makundi

Makundi saba au nane yanatosha. Kaya yetu imepata haya:

- Chakula 330,000
- Watoto 170,000 (ada 100,000, nauli ya shule 40,000, daftari na sare 30,000)
- Nyumba 100,000 (gesi na mkaa 40,000, LUKU 30,000, maji 18,000, sabuni 12,000)
- Akiba 100,000 (kikoba 60,000, benki 40,000)
- Ndugu na jamii 95,000 (wazazi 50,000, michango 30,000, sadaka 15,000)
- Usafiri 88,000
- Simu 35,000 (vifurushi 23,000, makato ya miamala 12,000)

Panga kwa kitu kilichonunuliwa, siyo kwa mahali kiliponunuliwa. Nimeona watu wakiweka kituo cha "Mangi" chenye laki moja ndani yake. Kwa Mangi kuna sukari, sabuni, vocha na soda. Kituo hicho hakikwambii chochote, na kinapunguza chakula na simu bila wewe kujua.

Michango ya harusi na misiba ipe kituo chake, usiitupe kwenye "Mengineyo". Kwetu huku ni mkondo wa kudumu, na ukiuficha utajiuliza kila mwezi pesa imekwenda wapi.

## Hatua ya 5: Sawazisha kwenye karatasi kwanza

Jumlisha makundi yote saba. Ni 918,000. Mapato yaliyofika nyumbani ni 968,000. Tofauti ni 50,000.

Kabla hujaipa jina tofauti hiyo, linganisha masalio. Hesabu pesa iliyokuwepo benki, kwenye simu na mfukoni siku ya kwanza ya mwezi, na iliyokuwepo siku ya mwisho, bila kuhesabu akiba na ada mliyoweka pembeni, maana hizo zina mikondo yake tayari. Kama imeongezeka, ongezeko hilo ni kituo cha kulia, "Salio lililobaki". Kama imepungua, upungufu ni chanzo cha kushoto. Kaya yetu ilianza na kumaliza ikiwa na kiasi kilekile, kwa hiyo 50,000 yote imetumika na hakuna aliyeiandika. Iite "Haijulikani" na uichore.

Usiisambaze kidogokidogo kwenye makundi mengine ili hesabu ipendeze. Elfu hamsini ni kubwa kuliko simu, na ni zaidi ya nusu ya usafiri. Kwa uzoefu wangu, kiasi kama hicho huwa kinaishia kwenye bodaboda, vitafunio na soda za wageni, na mwezi unaofuata mkiandika vizuri kinapungua chenyewe.

Ikiwa matumizi yamezidi mapato, usipunguze matumizi. Kuna chanzo umekisahau: umekula akiba, umekopa, au ndugu ametuma.

## Hatua ya 6: Andika mistari kwenye tovuti

Fungua `sankeymatic.com` uingie kwenye ukurasa wa kuchora. Utakuta sanduku la maandishi lenye mfano tayari. Ufute wote.

Kila mkondo ni mstari mmoja: jina la kituo pesa inakotoka, kiasi ndani ya mabano ya mraba, kisha kituo inakokwenda. Anza na ngazi mbili za kwanza:

```
Mshahara [68000] PAYE
Mshahara [40000] PSSSF
Mshahara [24000] NHIF
Mshahara [668000] Bajeti ya nyumbani
Mitumba [240000] Bajeti ya nyumbani
Kodi ya chumba [60000] Bajeti ya nyumbani

Bajeti ya nyumbani [330000] Chakula
Bajeti ya nyumbani [170000] Watoto
Bajeti ya nyumbani [100000] Nyumba
Bajeti ya nyumbani [100000] Akiba
Bajeti ya nyumbani [95000] Ndugu na jamii
Bajeti ya nyumbani [88000] Usafiri
Bajeti ya nyumbani [35000] Simu
Bajeti ya nyumbani [50000] Haijulikani
```

Andika namba tupu, bila mkato, bila "TSh" na bila "/=". Jina la kituo liandikwe vilevile kila mara. "Bajeti ya nyumbani" na "Bajeti ya Nyumbani" ni vituo viwili tofauti machoni pa programu, na utaona mchoro umekatika vipande viwili visivyoshikana.

Mchoro ukishatokea, utazame kabla ya kuongeza kitu. Kituo cha "Bajeti ya nyumbani" kiwe kimejaa pande zote mbili. Kama upande mmoja mikondo imeishia kabla ya kufika chini ya kituo, kuna pengo, na pengo maana yake namba za kushoto na za kulia hazilingani. Rudi hatua ya 5.

Ipo njia ya mkato. Ukiweka nyota badala ya namba, programu inakokotoa yenyewe kilichobaki kwenye kituo:

```
Bajeti ya nyumbani [*] Haijulikani
```

Ni nzuri ukishazoea, lakini nakushauri usiitumie kwenye mchoro wa kwanza. Nyota inafunika makosa. Ukisahau mstari wa usafiri, pengo halitatokea. Zile 88,000 zitaingia kimyakimya kwenye "Haijulikani", isomeke 138,000, na utaanza kumuuliza mwenzako maswali yasiyo na sababu.

## Hatua ya 7: Ongeza ngazi ya tatu pale inaposaidia

Siyo kila kundi linastahili kugawanywa. Chakula kinastahili, maana ndicho kinene zaidi:

```
Chakula [120000] Ndizi na mboga
Chakula [110000] Unga na mchele
Chakula [70000] Nyama na maziwa
Chakula [30000] Sukari na mafuta
Ndugu na jamii [50000] Wazazi
Ndugu na jamii [30000] Michango
Ndugu na jamii [15000] Sadaka
```

Jumla ya matawi ya chakula ni 330,000 na ya ndugu ni 95,000, sawa na shina. Hakikisha hivyo kwa kila kundi unalogawanya.

Kwa bajeti ya ukubwa huu, tepe zilizo chini ya 15,000 zinakuwa nyuzi, na majina yake yanapandana hayasomeki. Ndiyo maana sabuni ya 12,000 na makato ya 12,000 nimeyaacha ndani ya shina. Ukitaka makato ya simu yaonekane, yachore peke yake kwenye mchoro mwingine wa simu tu.

## Hatua ya 8: Rangi, mpangilio na kuhifadhi

Rangi ya kituo inaandikwa kwa kuanza na nukta pacha:

```
:Chakula #2e8b57
:Haijulikani #999999
:PAYE #8b3a3a
```

Rangi tatu au nne zinatosha. Mimi huacha makundi mengi na rangi tulivu, kisha naipa rangi ya kukolea ile sehemu ninayotaka nyumba nzima iizungumzie. Kama kila kitu kina rangi yake kali, jicho halijui lianzie wapi.

Vituo unaweza kuvivuta kwa kipanya au kidole. Weka makato ya mshahara juu kabisa, karibu na mshahara, ili tepe zake zisikatize zile zinazokwenda kwenye bajeti. Matumizi yapange kuanzia kubwa kwenda dogo, na "Haijulikani" iwe chini. Kwenye mipangilio ya lebo unaweza kuongeza `TSh` mbele ya namba, hapo ndipo mahali pake.

Hifadhi picha kama PNG kwa kutuma kwenye WhatsApp, au SVG kama utaichapisha kubwa. Na muhimu zaidi: nakili mistari yote uliyoandika uibandike kwenye faili ya maandishi au ujitumie mwenyewe. Picha haiwezi kurekebishwa. Mistari inarekebishwa, na mwezi ujao utabadilisha namba tu.

## Ukipenda kuchora kwa mkono

Inawezekana, na kwa familia inayotaka kukaa mezani pamoja ni nzuri kuliko simu. Tumia karatasi ya grafu ya A4 iliyosimama, na kipimo cha milimita 1 kwa kila 10,000. Mshahara unakuwa milimita 80, mitumba 24, kodi ya chumba 6. Upande wa kulia chakula ni 33, watoto 17, nyumba na akiba 10 kila moja, ndugu 9.5, usafiri 8.8, haijulikani 5 na simu 3.5. Acha milimita 5 kati ya kituo na kituo, vyote vitaenea bila tabu.

Pima unene wa utepe kwa wima kila mahali, hata pale unapopinda. Mkono huwa unataka kuubana utepe kwenye kona, na utepe wa 33 unafika upande wa pili ukiwa 27. Weka nukta za juu na za chini kila baada ya sentimita mbili, kisha uziunganishe.

## Mambo yakienda mrama

Mchoro hautokei kabisa, au mstari mmoja haupo. Angalia mabano. Yawe ya mraba `[ ]`, siyo ya duara, na kuwe na jina pande zote mbili. Simu nyingine hubadilisha herufi zenyewe unapoandika, kwa hiyo soma upya kila mstari.

Utepe mmoja umefunika karatasi nzima, mingine ni nyuzi. Umeongeza sifuri. 330000 imekuwa 3300000. Kinyume chake, kundi unalolijua kuwa kubwa likiwa uzi, umepunguza sifuri.

Kituo kimejitokeza mara mbili. Tahajia au herufi kubwa haifanani. Nakili jina ubandike, usiliandike upya.

Mikondo inarudi nyuma au inajikunja vibaya. Umetengeneza mzunguko. Kwa kawaida ni akiba: umeandika bajeti kwenda "Akiba", halafu akiba kwenda bajeti kwa sababu katikati ya mwezi mlichota. Tenganisha majina. Inayotoka kushoto iite "Akiba ya zamani", inayoingia kulia ibaki "Akiba".

Matumizi yanazidi mapato kwa kiasi kikubwa na hakuna deni. Karibu kila mara ni uhamisho uliohesabiwa kama matumizi. Tafuta kiasi kinacholingana na tofauti hiyo kwenye taarifa ya miamala. Tofauti ikiwa 100,000 kamili, tafuta muamala wa kutoa 100,000 kwa wakala.

Michoro ya miezi miwili inaonekana sawa wakati Desemba tulitumia mara mbili. Hili siyo kosa lako. Programu inanyoosha au kubana kila mchoro ili ujaze nafasi uliyoipa, kwa hiyo utepe wa chakula wa Machi na wa Desemba hauwezi kupimwa kwa jicho kutoka picha moja hadi nyingine. Ndani ya mchoro mmoja unene ni wa kuaminika. Kati ya michoro miwili soma namba. Kama lazima ulinganishe kwa jicho, chora yote miwili kwa mkono kwa kipimo kilekile cha milimita 1 kwa 10,000, na kwa Desemba andaa karatasi mbili za kuunganisha kwa gundi.